Banda la Sabasaba: maswali ya washiriki kuhusu mazungumzo ya bandani na kufuatilia namba ndani ya siku saba

Karakana yetu inatengeneza mashine ndogo za kukamua alizeti, na kwa miaka kadhaa tumekuwa tukichukua banda kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa. Kila mwaka majirani wa banda huniuliza yale yale, wengine wakiwa bado wanapigilia misumari, wengine wakiwa wameshafunga virago na daftari limejaa namba wasizojua wazifanye nini. Nimeyakusanya hapa. Mifano ni ya mashine kwa sababu ndiyo ninayoijua.

## Kabla ya geti kufunguliwa

1. Hizo siku saba za kumfuatilia mgeni zinahesabiwa kuanzia lini?

Kuanzia saa mgeni alipoondoka bandani kwako. Wengi huhesabu kuanzia siku ya kufunga maonesho, na hapo ndipo namba nyingi zinapofia.

Angalia kalenda. Sabasaba huanza 28 Juni na kufungwa 13 Julai, siku 16. Aliyekuja 29 Juni, ukisubiri kufunga, kupakia mzigo, kulala siku mbili na kufungua daftari 17 Julai, umemwacha siku 18. Amesharudi Singida, ameshapita mabanda mengine manne yenye mashine zinazofanana na yako, na sura yako haikumbuki. Kwa alizeti ni mbaya zaidi, kwa sababu ukanda wa kati huvuna karibu na majira hayo hayo. Mtu anayetaka kukamua msimu huu anataka mashine mbegu ikiwa bado ghalani.

Kuna na hesabu ya kazi. Tuseme mnapata mazungumzo 10 ya maana kwa siku. Kila mgeni ukimwandikia kadi yake, hadi mwisho ni kadi 160. Kila moja ikitaka dakika 10 za simu, hizo ni zaidi ya saa 26 za kuongea mfululizo, na sauti umeshaimaliza bandani. Zile zile 10 ukizishughulikia siku kwa siku, ni saa moja na dakika arobaini tu, tena si zote zinahitaji simu (angalia swali la 9).

2. Tuwe watu wangapi?

Wawili bandani na mmoja nje ya banda. Huyo wa nje ndiye watu humsahau. Anabaki karakanani au ofisini, na kazi yake ni kupiga simu za wageni wa jana wakati ninyi mnapokea wa leo. Jioni mnampigia picha kadi zote na kumtumia, asubuhi anaanza nazo.

Wawili wa bandani wasifanane. Mmoja awe mwepesi wa kukaribisha, mwingine awe fundi anayeweza kufungua mashine na kuonyesha kilichomo. Ukiweka wauzaji wawili, swali la kwanza la kiufundi linaishia "nitakuulizia", na mgeni anaondoka na mashaka yake.

Kama uko peke yako, simu zipige asubuhi kabla wageni hawajaanza kuingia. Jioni miguu inauma na utajidanganya kwamba utapiga kesho.

3. Tuandae maneno ya kusema, au tuongee tu kama yanavyokuja?

Andaa vitu vitatu na mengine yaache yaje: sentensi ya kwanza, maswali matatu, na ahadi ya kuagana. Sentensi ya kwanza iseme mashine inafanya nini, sio kampuni ilianzishwa lini. Maswali yako kwenye swali la 6. Ahadi ya kuagana ni kitu kimoja utakachomtumia, pamoja na siku yake: "Leo usiku nakutumia video ikikamua, kesho kutwa mwenzangu atakupigia kuhusu umeme."

Kisha fanyeni zoezi jioni moja karakanani. Fundi awe mgeni mbishi, wewe uwe mwenyeji, halafu mbadilishane. Sisi tulipofanya mara ya kwanza tuligundua kila mmoja wetu anataja uwezo tofauti wa mashine ile ile: mmoja kilo 80 kwa saa, mwingine 120. Zote mbili zina ukweli, inategemea mbegu ilivyokauka na anayelisha mashine, lakini mgeni akisikia namba mbili ndani ya banda moja anajua kuna muongo. Tukakubaliana tuseme "kilo 80 hadi 120, mbegu ikiwa kavu".

4. Nichapishe vipeperushi vingapi?

Vichache. Ukimpa kila anayepita, vinaishia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vya mabanda mengine thelathini. Mpe aliyekaa akaongea, na mwandikie kwa kalamu jina lako, namba na kile mlichokubaliana. Kipeperushi chenye mwandiko hakitupwi upesi.

## Mgeni akiwa mbele yako

5. Nikimkaribisha anasema "nimepita tu kuangalia". Nifanyeje?

Mara nyingi umemfundisha mwenyewe kusema hivyo. Ukiuliza "karibu, nikusaidie nini?", jibu jepesi kuliko yote ni hilo. Badala yake msalimu, mpe kitu mkononi, kisha uliza kuhusu kwake.

Sisi mlangoni tunaweka ndoo ya mashudu yaliyotoka kwenye mashine asubuhi hiyo. Mgeni akisimama namwambia, "Karibu mzee, hebu shika haya. Yabonyeze." Anayejua alizeti atayasugua kwa kidole gumba kuona kama bado yana mafuta, na akishafanya hivyo sihitaji kumuuliza kama yuko kwenye biashara hii. Asiyejua atauliza ni kitu gani, nami namweleza kwa dakika moja na kumtakia matembezi mema. Ndoo ile imenipunguzia maneno mengi.

Usiwe umekaa nyuma ya meza unachezea simu. Mzee wa heshima zake hawezi kukuita. Atapita.

6. Ni maswali gani yanayotenganisha mnunuzi na mtazamaji?

Kila biashara ina yake, ila yote yana sifa moja: mtazamaji hana jibu, au ana jibu la jumla. Kwa mashine ya kukamua, yetu ni haya.

La kwanza: "Sasa hivi mbegu unaipeleka wapi?" Anayetaja mashine ya mtu fulani, foleni yake na anacholipa kwa gunia, huyo yumo. Anayesema "nataka kuanzisha mradi" hajaingia bado. Si mtu wa kudharau, ila hatanunua wiki hii.

La pili: "Pale unapotaka kuiweka, umeme ni wa njia moja au njia tatu?" Mashine yetu ya kati ina mota ya kilowati 5.5 inayotaka umeme wa njia tatu. Jibu la swali hili linabadilisha mashine yenyewe, bei, na muda wa kuisimika. Asiyejua, mwambie akirudi apige picha mita ya LUKU akutumie. Hiyo tayari ni sababu ya kumpigia.

La tatu: "Nani mwingine anatakiwa aione kabla ya uamuzi?" Watu huona aibu kuuliza, wakidhani ni kumvunjia mtu heshima. Ukiliuliza kwa upole hakuna anayekasirika. Mke, kaka, mwenyekiti wa kikundi, ofisa wa benki: karibu kila mara yupo. Ukijua mapema, ujumbe wa jioni unauandika ukijua atautuma kwa huyo mtu.

7. Kila mtu anaanza na "bei gani?" Niseme au nimzungushe?

Sema. Ukimzungusha anajua utampima kwa mavazi yake. Ila mpe bei kwa namna inayozaa swali: "Inaanzia hapa yenye mota, ya injini ya dizeli iko juu kidogo. Wewe umeme wako ukoje?" Bei imetajwa, na mazungumzo hayajafa.

Ukishataja, usishushe pale pale mbele ya watu. Aliyesimama pembeni anasikia, na kesho bei yako mpya ndiyo itakayokuwa ya kuanzia. Punguzo lolote liandikwe kwenye profoma yenye jina la mtu na tarehe ya mwisho. Bei iwe ya shilingi, hata kwa mgeni anayeongea kwa dola.

8. Tarehe 7 Julai watu ni wengi mno. Tunapataje wateja siku hiyo?

Msitegemee. Ni sikukuu, familia zimetoka, watoto wanataka aiskrimu, na mtandao wa simu unakuwa mzito kiasi kwamba hata video haifunguki. Siku hiyo sisi tunawasha mashine, tunaonyesha, tunauza mafuta ya nusu lita, na kadi tunajaza chache.

Wanunuzi wa mashine huja siku za kazi asubuhi, na wengi huja mara mbili. Anayerudi mara ya pili akiwa na mtu mwingine, acha kila kitu umsikilize yeye. Siku hiyo ya pili ndiyo ya kuandika kwenye kadi, na siku saba zinaanza upya hapo.

## Kadi na namba

9. Daftari la wageni halitoshi?

Fungua la mwaka jana uone. Jina, anakotoka, simu, sahihi, maoni. Kwenye maoni: "Mko vizuri", "Kazi nzuri endeleeni", "Mungu awabariki". Kuna mtu mmoja mle ndani alikuwa na ghala limejaa mbegu na fedha mkononi, naye ameandika "Hongereni". Huwezi kumjua.

Tena daftari liko wazi. Kila anayesaini anasoma namba za waliotangulia, na nimewahi kumuona kijana akipiga picha kurasa mbili za jirani yangu wakati jirani akihudumia mtu. Daftari liache kwa ajili ya wageni wa heshima. Mgeni wa biashara mjazie kadi, umjazie wewe, kwa mkono wako, mkiwa mnaongea. Ya kwetu ni nusu ya karatasi ya A4, nayo ikijazwa inaonekana hivi:

Jina analoitwa: Mama (jina la mtoto wake)
Simu: nimembipu, inaita. WhatsApp ni hiyo hiyo
Anakotoka: Iramba, kata imeandikwa
Sasa anafanya nini: ananunua mbegu, anakamulia kwa mtu, foleni
Umeme: "wa njia tatu upo" (thibitisha)
Mwamuzi mwingine: kaka yake
Tumemuahidi: video leo, simu kesho kutwa jioni
Hali: moto

Mstari wa "tumemuahidi" ndio unaobeba kadi. Ukiwa mtupu, anayepiga simu hana la kuanzia zaidi ya "tulikutana Sabasaba", na huo si mwanzo. Kubipu papo hapo pia usiache: namba iliyokosewa tarakimu moja huigundui hadi uitafute.

Hali tunazitaja tatu. Wa moto ana kazi inayoendelea na anaweza kuamua msimu huu. Wa vuguvugu ana kazi, lakini kuna kitu kimoja hakijakaa sawa, kama umeme, jengo au mkopo. Wa baridi anajifunza. Wa moto anapigiwa, wa vuguvugu anatumiwa ujumbe na kupigiwa mara moja, wa baridi anatumiwa ujumbe tu. Andika hali kabla mgeni anayefuata hajakaa, kwa sababu baada ya wageni watatu wote wanafanana kichwani.

10. Sheria inasemaje kuhusu kukusanya namba za watu?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kuna Tume inayoisimamia. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume hiyo, kuwaeleza watu anazikusanya kwa kazi gani, na kuzitumia kwa kazi hiyo tu.

Kwa banda, maana yake ni sentensi moja mdomoni na mstari mmoja kwenye kadi: "Namba yako tutaitumia kukutafuta kuhusu mashine hii, hatuigawi." Kisha isigawiwe kweli. Jirani mwenye chupa za plastiki akikuomba orodha yako ya wakamuaji, mwambie atoe kadi zake za biashara nawe utampa kila mteja wako moja. Akisema mtu "mnifute", mfute, na karatasi uichane.

## Siku saba zenyewe

11. Siku ipi nifanye nini?

Jioni ile ile: ujumbe na kile ulichoahidi. Siku ya pili au ya tatu: simu. Siku ya nne au ya tano: profoma, au jibu la swali alilouliza kwenye simu. Siku ya saba: simu fupi ya kuuliza uamuzi. Basi. Mtu anayeguswa mara nne kwa wiki hajachoshwa, mradi kila mara umemletea kitu kipya.

Nitaeleza jinsi ilivyokwenda kwa yule mama wa Iramba kwenye kadi ya juu. Alikuja siku ya tatu ya maonesho, akabonyeza mashudu, akasema ya mashine anayokamulia yeye huwa bado yanalainisha vidole. Hiyo ilitosha kuandika "moto". Jioni alitumiwa video.

Siku ya pili baada ya hapo mwenzangu wa karakanani akampigia. Waliongea kuhusu foleni, halafu akauliza umeme. "Upo, wa njia tatu, wala usihofu." Kwa kuwa kadi ilisema "thibitisha", akamuomba picha ya mita. Picha ilikuja siku ya nne. Mita ilikuwa ya njia tatu kweli, lakini ukutani palikuwa na unga. Mwenzangu akauliza, "Mama, hapa si kwenye mashine ya kusaga?" Ndiyo, ilikuwa mita ya jirani yake mwenye mashine ya kusaga. Kwenye ghala lake umeme ulikuwa wa njia moja. Hakuwa anadanganya, alijua nguzo ya njia tatu iko pale pale, akaona ni kitu kimoja.

Kwa hiyo siku ya tano zilikwenda profoma mbili: ya mashine yenye mota, ikiwa na maelezo kwamba aombe kwanza TANESCO wamwekee njia tatu, na ya mashine yenye injini ya dizeli. Siku ya sita akapiga kaka yake. Hakuuliza bei. Aliuliza shafti ya kukamulia ikilika ataipata wapi na itachukua siku ngapi kufika Iramba. Tulimjibu na kumtumia picha ya shafti mpya pembeni ya iliyolika, aone inavyochakaa. Siku ya saba wakachagua dizeli, na malipo ya awali yakaja wiki iliyofuata.

Bila ile picha ya mita tungepeleka mashine ya mota, ikakaa ghalani inasubiri umeme, na mwaka unaofuata angekuja bandani kunisema mbele ya watu.

12. Ujumbe wa jioni uandikweje?

Mfupi, wenye kitu anachokikumbuka na ahadi yenye saa. Huu ndio tuliomtumia, nikiondoa jina:

"Shikamoo mama. Ni sisi wa mashine ya alizeti, banda lenye ndoo ya mashudu mlangoni. Ulisema foleni kwenye mashine unayokamulia inakuchelewesha. Video ya mashine ikikamua ni hii. Keshokutwa saa 12 jioni mwenzangu atakupigia muongee kuhusu umeme. Kama saa hiyo si nzuri, tutajie nyingine."

Alama ya kukumbukwa, yaani ndoo, ni muhimu kuliko jina la kampuni. Mgeni wa Sabasaba amepita mabanda mengi, majina yote yamechanganyika, lakini ndoo ya mashudu ilikuwa moja. Maneno yake mwenyewe kuhusu foleni yanamwonyesha kwamba alisikilizwa. Usianze na "Habari ndugu mteja". Huo unaonekana umetumwa kwa watu mia.

Usitume katalogi nzima. Faili kubwa linakula bando la mtu, na wengi hawalifungui.

13. Napiga, hapokei.

Badilisha saa kabla ya kubadilisha mtu. Mkulima mchana yuko shambani au njiani, jioni baada ya saa 12 yuko nyumbani. Mfanyabiashara wa ghala asubuhi anapokea mizigo. Ijumaa saa sita hadi saa nane mchana waache wanaoswali, Jumapili asubuhi waache walioko kanisani.

Mara mbili kwa saa tofauti, kisha ujumbe wa sauti wa nusu dakika. Ujumbe wa sauti unafanya kazi kwa wazee ambao hawapendi kusoma maandishi madogo, nao hupenda kuusikilizisha wengine nyumbani. Asipojibu hadi siku ya saba, mhamishe kwenye bahasha ya swali la 17.

14. "Ngoja nijipange." Hilo ni ndiyo au hapana?

Peke yake halina maana, na wanaolichukua kama ndiyo ndio wanaojaza ripoti kwa bosi halafu hakuna mauzo. Watu wetu hawapendi kumkatalia mtu usoni. Kwa hiyo "nijipange", "nitakutafuta" na "ngoja niongee na mzee" zinaweza kuwa hapana ya heshima, au zinaweza kuwa kweli kabisa.

Njia ya kujua ni kuuliza swali dogo linalofuata, bila kubana: "Sawa kabisa. Unajipanga kwa fedha, kwa jengo, au kwa umeme?" Mwenye nia anachagua moja na kuanza kueleza, na maelezo yake yanakupa tarehe. "Nasubiri kuuza mbegu ya dada, mwisho wa mwezi." Hapo unaandika mwisho wa mwezi na unamuacha apumue. Asiye na nia anasema "yaani mambo ni mengi tu", na sauti inapoa. Mshukuru, mwambie mlango uko wazi, mhamishe kwenye orodha ya baridi.

"Niongee na mzee" nayo ina dawa yake: "Nikutumie kitu gani kitakachokusaidia kumweleza?" Kama mzee yupo kweli, utaambiwa anachouliza mzee. Mara nyingi ni vipuri, au nani atakuja kusimika.

15. Si rahisi zaidi kuwaweka wote kwenye kundi la WhatsApp?

Kwako ni rahisi. Kwao, wameamka wamo kwenye kundi na wageni 80, namba zao ziko wazi kwa wote (rudi swali la 10), na mtu wa kwanza kuandika anatangaza mkopo wa haraka. Nusu wanajitoa kabla ya jioni.

Orodha ya matangazo, ile inayotuma ujumbe mmoja kwa wengi ila kila mtu akaupata peke yake, ni bora, lakini ina mtego: humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Ndiyo maana ukimbipu bandani umwambie, "Ihifadhi hapo hapo, andika Alizeti Sabasaba", na usubiri aandike. Hata hivyo orodha hiyo ni ya wa baridi. Wa moto anaandikiwa yeye.

## Yasiyo ya kawaida

16. Mgeni anatoka Kongo, au anasema anataka kuwa wakala. Namfuatiliaje?

Wa Lubumbashi au Kolwezi mtaelewana kwa Kiswahili, ila hakikisha namba inaanza na +243 na kwamba WhatsApp yake iko kwenye hiyo, kwa sababu wengi wakiwa Dar hutumia laini ya muda na kuitupa wakivuka mpaka. Swali la umeme linabaki, linaongezwa la pili: mzigo anaupokelea wapi? Bei ya kupokelea karakanani na ya kufikishiwa Kasumbalesa ni biashara mbili. Asipofuatiliwa kabla hajapanda basi kurudi, inakuwa vigumu, kwa hiyo kwake simu ni kesho yake asubuhi, na umualike karakanani akiwa bado mjini.

Anayetaka uwakala muulize ana duka wapi na anauza nini sasa. Mwenye duka atakutajia mtaa. Asiye nalo ataomba orodha ya bei za jumla kwanza, na huyo mara nyingi ni mshindani, au ni mtu anayetafuta bei ya kumpelekea mtu mwingine. Orodha ya jumla haitoki bandani. Inatoka baada ya kuliona duka, hata kwa picha.

17. Siku saba zimeisha na hajasema kitu. Niendelee?

Usiendelee kwa mwendo ule ule. Mtumie ujumbe mmoja wa kufunga, usio na lawama: "Profoma yako inaisha leo. Ukihitaji nyingine niambie, nitakuandikia upya." Wengine hujibu huo tu kati ya yote uliyotuma.

Kisha kadi iende kwenye bahasha ya Nane Nane. Maonesho ya wakulima hufikia kilele 8 Agosti, na wakulima wa Dodoma na Singida wengi huenda Nzuguni, ambako ni karibu nao kuliko Dar. Mwishoni mwa Julai tunawaandikia walio kwenye bahasha hiyo mstari mmoja kwamba tutakuwa Nzuguni na mashine itakuwa inawaka, na tunawaambia waje na debe moja la mbegu yao tuikamue wakiona. Anayebeba debe la mbegu kutoka Manyoni hadi Nzuguni humuulizi tena kama anajipanga.

18. Siku ya mwisho wanakuja wanataka mashine ya maonesho kwa bei ya kutupa. Niuze?

Ukikokotoa gharama ya kuirudisha karakanani, vishawishi vipo. Ila kumbuka mashine ile imefunguliwa na kufungwa kwa siku 16, imeshikwa na kila mtu, na wakati mwingine imekamua bila mbegu ya kutosha, jambo linaloila shafti. Ukiuza, andika kwenye risiti kwamba ni ya maonesho, fundi aikague mbele ya mnunuzi, na udhamini wake uutaje wazi kama ni mfupi. Risiti iwe ya EFD kama mauzo mengine.

Na kabla ya kupokea hela, pitia kadi za wa moto. Mwaka mmoja niliuza ya banda saa tisa alasiri kwa mtu aliyepita, halafu saa kumi na moja akaja mzee wa Kondoa niliyekuwa nimempigia siku tatu kabla, ameshuka kwenye basi na begi lake, anauliza ile mashine yake iko wapi.